Trei Tatu za Shimo la Kumi na Saba

Mbuke Mihayo alikuwa ameshapita trei kumi na saba bila neno. Alizimwagia maji moja baada ya nyingine, kama ilivyokuwa kazi yake kabla ya kupiga picha, maana mwamba ukilowa ndipo unapoonyesha rangi yake ya kweli. Alipofika ya kumi na nane mkono ulisita. Aliweka kopo chini, akapiga magoti kwenye sakafu ya saruji, akatazama.

Banda hilo lilikuwa kwenye kambi ya utafiti wa madini, kando ya barabara ya vumbi inayoingia porini kutoka njia kuu ya Geita kwenda Chato. Ndani yake zilikaa kori: vipande vya mwamba vyenye umbo la mchi, vinene kama kifundo cha mkono wa mtu mzima, ambavyo mashine ya kuchoronga huvitoa ardhini. Wachorongaji huvipanga kwenye trei za bati kwa mfuatano uleule vilivyotoka, na katikati yake huweka vibao vya mbao vilivyoandikwa kina, ili asitokee mtu wa kupotea. Mbuke ndiye aliyezipokea, akazisafisha, akazipiga picha, akazitunza. Ufunguo wa banda ulikaa kiunoni mwake, umefungwa kwa uzi wa kanga.

Mwishoni mwa trei ya kumi na saba, mita sabini na nukta sita, mwamba ulikuwa umejaa vipande vyenye pembe kali, kama vigae vya chungu kilichodondoka. Vilikuwa vimezama katika udongo mgumu wa kijivu. Mwanzoni mwa trei ya kumi na nane vipande vilikuwa vya mviringo. Kama ndimu, mayai, vitunguu. Kila kimoja kimelainika ukingo, na kati yake mchanga mgumu wenye rangi ya kijani iliyofifia. Alichukua kori ya mwisho ya trei moja na ya kwanza ya nyingine, akajaribu kuziunganisha pale zilipovunjika. Hazikukubaliana. Akageuza, akajaribu tena. Ilikuwa kama kumwozesha mtu kwa mtu asiyemjua.

Akaendelea hadi trei ya ishirini na moja. Hapo vile vigae vilirudi, na udongo uleule wa kijivu.

"Mmh," alisema peke yake.

Mbuke hakusoma jiolojia. Alizaliwa kijijini ng'ambo ya Tinde, akaolewa, akafiwa na mume akiwa na miaka thelathini na mmoja. Baada ya msiba shemeji zake walianza kumwangalia kwa jicho la pembeni, wakihesabu ng'ombe waliokufa na watoto waliougua, na macho yake yaliyokuwa mekundu kwa moshi wa kuni yakawa habari. Upande ule, mwanamke akishaanza kuangaliwa hivyo, mwenye akili hangoji kusikia neno lenyewe likitamkwa. Alimbeba binti yake Lusia, akapanda basi, akaja huku kwenye dhahabu. Alipika kwenye kambi za watu wa Bulyanhulu, kisha akahamia kambi hii, na hapa ndipo alipomkuta Mzee Benjamini.

Mzee huyo alikuwa mjiolojia wa zamani, mwenye fulana iliyotoboka na lenzi ndogo iliyoning'inia shingoni. Siku ya kwanza Mbuke alimwona akikwangua unga wa jiwe kwa kisu na kuuweka kwenye meno ya mbele. Alirudi jikoni mbio akaapa kwamba huyu naye ana mambo yake. Wiki nzima alimpelekea chakula akiwa ameshika rozari mfukoni. Mwishowe alimuuliza, na Mzee Benjamini alicheka hadi akakohoa.

"Mayu, njoo," alimwambia, akimwita mama kwa Kisukuma. "Tia hii mdomoni. Inakwaruza?"

"Inakwaruza."

"Hiyo ni silti. Punje zake huzioni kwa macho, lakini meno yanazisikia. Sasa hii."

"Inateleza. Kama uji uliochujwa."

"Hiyo ni sheli."

Mbuke alidhani anataniwa, maana sheli anayoijua yeye ni ile inayouza petroli. Mzee akagonga jiwe kwa nyundo, nalo likapasuka kwa kurasa nyembamba kama kitabu kilicholowa kikakauka. Akagonga la silti. Likavunjika kwa mabonge. Kisha akampa la tatu, lililokwaruza vidole kama msasa, punje zake zikionekana wazi. "Na hili?" Mbuke akajibu kwamba hilo hata kipofu angejua ni jiwe la mchanga.

Miaka saba Mzee Benjamini alimfundisha hivyo, baada ya vyombo kuoshwa. Alipostaafu, Mbuke hakuwa tena mpishi. Alikuwa mtunza banda, na wajiolojia vijana waliokuja na vishikwambi vyao walimkuta pale, wakamzoea, wakaondoka, wakaja wengine.

Wa sasa aliitwa Ignas. Alikuwa na miaka ishirini na saba, adabu nzuri, na haraka nyingi. Siku chache nyuma Mbuke alimwonyesha kwamba pale alipoandika "sheli" kwenye mita arobaini na moja hadi hamsini na mbili palikuwa na silti. Ignas alikwangua, akaweka menoni, akakubali huku akitazama pembeni. Alirekebisha. Lakini tangu siku hiyo "shikamoo" yake ilikuwa imepungua joto.

Kwa hiyo Mbuke alipomwita kuona trei ya kumi na nane, alimwita kwa uangalifu.

"Nimeshaielezea hiyo, Mama Lusia," alisema Ignas. "Mita sitini na nne hadi tisini na tano. Konglomerati."

"Yote?"

"Yote. Kokoto kubwa kuliko kichwa cha kiberiti, zimeshikana. Hata wewe unaona."

"Naona, mwanangu. Lakini konglomerati kokoto zake zimesafiri. Mto umezigonganisha mpaka zimekuwa mviringo. Tazama hii trei ya kumi na saba. Hizi zina pembe. Hizi hazikwenda mbali na zilikovunjikia. Hii ni brecha."

Ignas aliinama. Alitazama trei moja, akatazama nyingine, na Mbuke aliona masikio yake yakibadilika rangi. Alikuwa ameandika neno moja kwa mita thelathini na moja bila kuinama.

"Tabaka linaweza kubadilika," alisema hatimaye. "Brecha juu, konglomerati katikati, brecha tena chini. Si ajabu."

"Si ajabu. Ila tabaka likibadilika, kori bado inaungana ilipovunjika. Hizi haziungani. Na udongo wa katikati si mmoja; hapa silti ya kijivu, hapa mchanga wa kijani. Ninavyoona mimi, hizi trei tatu si za shimo hili."

Lilikuwa neno zito, na alipokwisha kulisema Mbuke alitamani alimeze. Bwana Donatus, mjiolojia mkuu, alikuwa anakuja Ijumaa kutoka Shinyanga kuamua kama mashine iendelee na mstari wa shimo la kumi na saba au ihamishwe. Uamuzi wote ulikuwa ndani ya mita hizo. Vipande vingi katika brecha ile vilikuwa vya mwamba wa chuma wenye mistari myekundu na myeusi, mwamba ambao katika ukanda huu ndio dhahabu hupenda kukaa. Kama vipande hivyo vina pembe, basi vimeporomoka kutoka mahali pa karibu, na mwamba wenyewe haupo mbali. Kama ni vya mviringo, basi mto wa kale uliviokota kusikojulikana ukavimwaga hapo, na kuufuata ni kumfuata mgeni aliyepita mwaka juzi.

"Nani abadilishe mawe?" aliuliza Ignas.

Mbuke alikuwa na jina, akalitunza moyoni.

Jina hilo alikuwa amelipata asubuhi ileile kutoka kwa Enock, dereva wa pikapu iliyobeba trei kutoka kwenye mashine hadi bandani. Enock alikuwa kijana wa Sengerema, mcheshi, aliyemwita Mbuke mama na kumletea dagaa kila alipopita mwaloni Chato, kwenye mashua za wavuvi. Alipoona Mbuke ameduwaa juu ya zile trei, alisogea, akapunguza sauti.

"Mama, mimi sisemi kitu. Lakini Jumamosi nilimwona Magesa anazunguka kule nyuma, kwenye kori za zamani."

Magesa alikuwa msimamizi wa mashine ya kuchoronga, mtu wa maneno machache aliyetembea kama anayepima ardhi. Ilisemekana ana urafiki na wanunuzi fulani wa dhahabu ambao wangefurahi kampuni ikiiacha sehemu hii. Mbuke hakuwa na ushahidi wa urafiki huo. Alikuwa na masikio tu. Lakini sasa kila alichokumbuka kuhusu Magesa kiligeuka: namna alivyofunga mazungumzo ya simu akiona mtu, namna asivyokula na wenzake, namna alivyouliza juzi Bwana Donatus anakuja lini.

Mchana alikwenda nyuma ya banda. Huko chini ya turubai zilipangwa trei za mashimo ya miaka iliyopita. Kokoto zile za mviringo na ule mchanga wa kijani vilikuwa vinamsumbua kama sura ya mtu uliyekutana naye sokoni. Alitafuta shimo la nne. Alikuwa amelipanga mwenyewe, miaka sita nyuma, wakati Mzee Benjamini bado yupo. Lilichorongwa bondeni, mbali na kilima, na lilikuwa konglomerati kutoka juu hadi chini.

Trei tatu za shimo la nne zilikuwa tupu. Zilikuwa zimepinduliwa na kurudishwa katikati ya nyingine, ili kwa mbali zionekane zimejaa. Vumbi la pembeni yake lilikuwa limefutika.

Alisimama na turubai mkononi. Aligeuka. Ng'ambo ya uwanja, kwenye kivuli cha tangi la maji, Magesa alikuwa amesimama anamtazama. Hakusalimia, wala hakuondoka.

Mbuke alikwenda moja kwa moja kwa Ignas, akamwambia yote: trei tupu, shimo la nne, na kwamba Magesa alionekana kule Jumamosi. Alidhani amemletea msaada. Ignas alimsikiliza huku akigeuzageuza kalamu.

"Nani mwingine anajua shimo la nne lilikuwa na mawe gani?" aliuliza.

"Nani mwingine? Mimi. Na Mzee Benjamini."

"Na ufunguo wa banda anao nani?"

Ndipo Mbuke alipoona alikofika. Alikuwa ameingia mwenyewe, kwa miguu yake.

"Sisemi kwamba ni wewe, Mama Lusia," alisema Ignas, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayesema hasa hivyo. "Lakini Bwana Donatus ataniuliza. Nani alizipokea? Nani alikaa nazo siku tatu? Nani anajua kori za zamani kwa moyo? Naomba ufunguo ukae kwangu mpaka Ijumaa."

Mbuke alifungua uzi wa kanga. Fundo lilikuwa la miaka mingi na vidole vilikataa; ilimbidi alilegeze kwa meno. Ignas alitazama chini wakati wote huo.

Siku iliyofuata ilikuwa Alhamisi. Habari kambini haihitaji gari. Mpishi alimpa chai bila kukaa naye. Vijana wa msumeno wa kukatia kori, waliomwita bibi kwa utani, walinyamaza alipopita. Alimsikia mmoja akisema, si kwa ubaya sana, kwamba mwanamke anayekula mawe hujui kinachomkaa kichwani. Mbuke alikuwa ameshawahi kuisikia sauti hiyo, kule ng'ambo ya Tinde, na safari ile ilimgharimu nyumba.

Aliketi kitandani, akafikiri kama Mzee Benjamini alivyomfundisha kufikiri juu ya jiwe: usianze na jina, anza na unachokiona. Aliona nini? Trei za kumi na nane hadi ishirini zilikuwa mpya, na vibao vyake vya kina vilikuwa vyenyewe, kwa mwandiko wa Magesa. Yaani trei zilikuwa za kweli. Mawe tu ndiyo yalibadilishwa. Basi mawe ya kweli yalitoka. Yalitoka wapi? Kama Magesa alitaka kuficha mwamba mzuri, kwa nini aache vigae vya trei ya kumi na saba na ya ishirini na moja, ambavyo vinasema yaleyale? Mwizi gani anaiba katikati ya mkate anaacha ncha zote mbili? Na mita kumi na mbili za kori ni mzigo wa zaidi ya kilo mia. Haziendi mfukoni.

Kati ya mashine na banda palikuwa na kilomita nne za njia. Alivaa kandambili zake ngumu, akachukua fimbo, akatoka.

Alitembea polepole huku akitazama pande zote mbili za njia. Nusu ya safari njia iliteremka kwenye korongo. Mvua ya Jumamosi ilikuwa imekula ukingo mmoja, na kwenye tope lililokauka palikuwa na alama ya tairi iliyoteleza ikapanda upande. Maji yalikuwa yamekwisha. Chini yalibaki mawe ya korongo, mamia, mviringo na laini, kila moja limeviringishwa na mafuriko ya miaka.

Mbuke alishuka. Macho yake yalipita juu ya mviringo wote ule bila kushika kitu, mpaka yalipokwama. Kati ya mawe mawili ya duara lililala jiwe lenye umbo la mchi, urefu wa shubiri, limenyooka pande zote kama lililotoka kiwandani. Mto hautengenezi jiwe hivyo. Alilichukua, akalitemea mate, akalifuta kwa kanga. Vipande vyenye pembe, vyekundu na vyeusi, katika udongo wa kijivu. Alikwangua ule udongo kwa kisu, akauweka menoni. Ulikwaruza kidogo tu. Silti.

Alipata vingine vinne kwenye mchanga. Kisha, nyuma ya kichaka cha miiba juu ya ukingo, alipata viroba vitatu vya mbolea vilivyofungwa kwa kamba ya bluu. Aliijua kamba ile. Ndiyo iliyofunga dagaa wake kila mwezi.

Aliketi kando ya viroba, akangoja pikapu. Kujua kwamba si Magesa hakukumfurahisha hata kidogo.

Pikapu ilikuja saa tisa, ikitoka kwenye mashine. Ilipofika ukingoni ilisimama kabla Mbuke hajainua mkono. Enock alishuka, akaona viroba, akaona kori mkononi mwake. Hakukana. Alichuchumaa palepale barabarani.

"Niliteleza, mama," alisema. "Jumamosi, mvua ilipoanza. Nilikuwa sijafunga trei za juu. Zilimwagika tatu. Niliokota, lakini mfuatano ulikuwa umepotea, sijui kipi juu kipi chini. Na mimi nina barua ya onyo ya mwisho tangu ile ajali ya kwenye lango. Unajua."

"Ukachukua mawe ya shimo la nne."

"Mawe ni mawe, nilisema. Yote yana kokoto. Bwana Ignas mwenyewe aliyaita jina moja."

"Na Magesa?"

Enock alichora mstari kwenye vumbi kwa kidole.

"Ulimwona Jumamosi?"

"Hapana."

"Na ulipoona wananinyang'anya ufunguo?"

Hapo alianza kulia. Mbuke alimtazama kwa mshangao wa ajabu, kwa sababu hakusikia huruma aliyoitarajia. Alikuwa amemwamini kijana huyu kwa dagaa na kicheko, na amemhukumu mwingine kwa kutocheka. Hilo lilimwuma kuliko ufunguo.

"Pakia viroba," alisema. "Twende. Utasema mwenyewe. Kama hutasema kesho mbele ya Bwana Donatus, nitasema mimi, na mimi sitasema vizuri."

Bwana Donatus alifika Ijumaa saa nne asubuhi, mtu mnene mwenye miwani, mvi na subira. Alikuta viroba vimemwagwa juu ya meza ndefu, Ignas amesimama upande mmoja na Mbuke upande mwingine. Enock alikuwa mlangoni.

"Mwadila, Mama Lusia," Donatus alimwamkia kwa Kisukuma. "Nasikia hapa pana kesi."

"Mwadila, Bwana Donatus. Kesi ataieleza mwenyewe. Mimi nina mawe tu."

Enock alieleza, akijikwaa. Donatus hakumkatiza. Alipomaliza, mkuu aligeukia meza.

"Maneno ni maneno," alisema. "Yeye anasema hizi ndizo za mita sabini. Nitajuaje? Anaweza kuwa ameziokota kokote."

Mbuke alikuwa amesubiri hapo. Alichukua kori ya mwisho ya trei ya kumi na saba. Tangu jioni, Ignas alipomrudishia ufunguo, walikuwa wamejaribu kipande kimoja baada ya kingine, na sasa alikijua alichokitaka. Alikiegemeza kwenye ile kori, akakizungusha kidogo. Kilikaa. Ukingo uliovunjika uliingia kwenye mwenzake bila nafasi ya kupitisha unywele, na kipande kimoja chekundu kilichokatwa katikati na mpasuko kilikutana na nusu yake.

Donatus alivua miwani, akaivaa tena. Aliomba kipande cha shimo la nne, akakijaribu mahali palepale. Kilicheza kama jino bovu.

"Ignas," alisema, "uliandika nini hapa?"

"Konglomerati."

"Na sasa unaona nini?"

Ignas aliinama tena juu ya kori. "Brecha, bwana. Vipande vina pembe. Ni vya miamba tofauti tofauti, na vimelala kwa tabaka ndani ya silti, kwa hiyo si mwamba uliosagikia mahali pake kwenye ufa. Vimeporomoka kutoka mteremko, karibu." Alisita. "Mama Lusia aliniambia Jumatano. Mimi nilimchukulia ufunguo."

Kilikuwa kitu kigumu kusema mbele ya mkuu, na Mbuke alimhesabia hilo.

Kazi ya kurudisha mawe kwenye mfuatano iliwachukua siku mbili nzima. Waliyaunganisha kama watu wanaojenga chungu kutoka vigae vyake. Karibu mita moja haikupatikana. Maji yalikuwa yameibeba, na kwenye fomu Ignas aliandika hivyo, kwamba haipo. Aliandika upya kuanzia juu: jiwe la mchanga, silti, sheli, brecha. Kila mahali alipoandika, aliinama kwanza. Mawe ya shimo la nne yalirudi kwenye trei zake, na hayo Mbuke aliyapanga peke yake, kwa picha za zamani.

Mashine haikuhamishwa. Shimo la kumi na nane lilichorongwa mita mia moja na hamsini kuelekea kilimani, na huko vigae vilizidi kuwa vikubwa na vikali, mpaka kwenye mita tisini na mbili wakakutana na mwamba wa chuma wenyewe, umesimama mzima. Sampuli zilipelekwa maabara. Kama kuna dhahabu ya kutosha kuchimba, hilo si la Mbuke kulisema, na majibu ya kwanza yalikuwa ya kutia moyo tu, si zaidi.

Enock hakufukuzwa. Aliondolewa kwenye usukani, akawekwa kwenye kikosi cha kubeba mabomba chini ya Magesa. Kila mwezi bado anamletea Mbuke dagaa, na Mbuke anawapokea, anashukuru, anampa mpishi.

Kwa Magesa alikwenda mwenyewe, Jumapili baada ya ibada. Alimkuta anafua nguo zake nyuma ya hema.

"Baba Ghati," alimwambia, "nilikutaja vibaya kwa Ignas. Nilisema ni wewe. Nimekuja kuomba radhi."

Magesa alikamua shati, akalitandaza kwenye kamba.

"Nilijua," alisema. "Nilikuona siku ile na turubai. Nilisimama pale kwa sababu mimi nilidhani ni wewe."

Aliinama, akachukua shati jingine kwenye beseni, akamsogezea kiti cha plastiki kwa mguu.

Mbuke aliketi. Walizungumza kidogo juu ya mvua, na juu ya ule ukingo wa korongo ambao lazima ujazwe kabla ya Machi.